Salio la Uzeeni Unapobadilisha Mwajiri: Njia ya Hundi na Mitego Yake

Miongoni mwa mambo yanayomchanganya mfanyakazi aliyetoka Afrika Mashariki au Kongo na kuajiriwa Marekani, akiba ya uzeeni inayotolewa na mwajiri ina nafasi ya pekee, kwa sababu haiendeshwi kwa utaratibu aliouzoea nyumbani. Mwanachama wa NSSF nchini Tanzania hubaki na namba yake ile ile ya uanachama anapotoka kampuni moja kwenda nyingine, na michango ya mwajiri mpya huendelea kuingia katika kumbukumbu zile zile. Marekani nayo ina mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii unaomfuata mfanyakazi kwa namba moja maisha yake yote, lakini juu ya mfuko huo kuna mpango wa pili, ambao ni mali ya kila mwajiri peke yake, unaojulikana kwa jina la 401(k). Mpango huo haumfuati mfanyakazi hata kidogo. Anapoacha kazi, salio lake hubaki katika mpango wa mwajiri wa zamani mpaka yeye mwenyewe atoe maagizo, na ni katika kutoa maagizo hayo ndipo fedha nyingi hupotea.

Jina la 401(k) ni namba ya kifungu cha sheria ya kodi ya mapato ya Marekani, kilichoongezwa mwaka 1978. Kwa mujibu wa kifungu hicho, sehemu ya mshahara hukatwa kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa, huwekwa katika mpango ulioanzishwa na mwajiri, kisha huwekezwa katika hisa, hati fungani na mifuko ya uwekezaji ambayo mfanyakazi huchagua katika orodha aliyopewa. Kodi haijafutwa, imeahirishwa tu mpaka siku fedha zitakapotolewa. Waajiri wengi huongeza mchango wao juu ya ule wa mfanyakazi. Ili watu wasiichukue akiba hiyo mapema, sheria hutoza kodi ya nyongeza ya asilimia 10 kwa anayeitoa kabla ya kutimiza miaka 59 na nusu, kodi ambayo huja juu ya kodi ya kawaida ya mapato, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria yenyewe.

Anayeacha kazi huwa na njia nne. Anaweza kuliacha salio lake pale lilipo, kulihamishia katika mpango wa mwajiri mpya, kulihamishia katika akaunti yake binafsi ya kustaafu inayoitwa IRA, ambayo hufunguliwa katika benki au kampuni ya uwekezaji bila kumhusisha mwajiri yeyote, au kulichukua lote taslimu. Njia ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote, na pia ndiyo inayovutia kuliko zote, kwani kipindi cha kuhama kazi mara nyingi ndicho kipindi cha madeni, kodi ya nyumba na wiki kadhaa zisizo na mshahara. Hata hivyo, hasara inayosikitisha zaidi humpata mtu ambaye hakukusudia kuchukua taslimu kabisa, aliyetaka kuhamisha tu, lakini akajaza fomu vibaya.

Kiini cha jambo hili ni jina linaloandikwa kwenye hundi. Sheria inatambua aina mbili za uhamisho. Ya kwanza ni uhamisho wa moja kwa moja, ambapo mpango wa zamani hutuma fedha kwa kampuni inayousimamia mpango mpya au akaunti ya IRA, na hundi, kama hundi itatumika, huandikwa kwa jina la kampuni hiyo ikifuatiwa na herufi FBO na jina la mfanyakazi, kumaanisha kwamba fedha zinapokewa kwa manufaa yake. Ya pili ni uhamisho unaopitia mkononi mwa mfanyakazi, ambapo hundi huandikwa kwa jina lake au fedha huingizwa katika akaunti yake ya kawaida ya benki, naye hupewa siku 60 za kuziweka katika mpango mwingine. Tangu mwaka 1993 mpango wa mwajiri unapomlipa mfanyakazi mwenyewe fedha zinazostahili kuhamishwa, unalazimika kuzuia asilimia 20 na kuipeleka Idara ya Mapato ya Marekani, yaani IRS, kama malipo ya awali ya kodi. Kampuni inayosimamia mpango haina uhuru wa kusamehe zuio hilo, hata kama mfanyakazi ataeleza kwa maandishi kwamba ana nia ya kuzihamisha fedha zote.

Ugumu wa njia ya pili unaonekana vizuri katika mfano wa tarakimu. Achukuliwe muuguzi mwenye umri wa miaka 38, asiye na mwenza, anayeishi Dallas katika jimbo la Texas, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo hesabu inabaki ya kodi ya taifa peke yake. Mshahara wake ni dola 70,000 kwa mwaka, naye ameacha kazi katika hospitali moja na kuanza katika nyingine. Taarifa ya akaunti yake inaonyesha dola 44,000, ambapo 34,000 zimetokana na makato ya mshahara wake pamoja na faida yake, na 10,000 zimetokana na mchango wa mwajiri.

Kosa la kwanza linaweza kutokea hapo hapo, kabla ya fomu yoyote kujazwa, kwa kudhani kwamba dola zote 44,000 ni zake. Fedha alizokatwa katika mshahara ni mali yake tangu siku ya kwanza, lakini mchango wa mwajiri humilikiwa hatua kwa hatua kulingana na miaka ya utumishi. Sheria inamruhusu mwajiri kuchagua ratiba ambayo haimpi mfanyakazi chochote mpaka atimize miaka mitatu na kisha humpa vyote kwa mpigo, au ratiba ya ngazi, inayoanza na asilimia 20 baada ya miaka miwili na kuongezeka kwa asilimia 20 kila mwaka mpaka ifike asilimia 100 baada ya miaka sita. Mwajiri anaweza kuwa mkarimu kuliko ratiba hizo, lakini hawezi kuwa mgumu zaidi. Kama mpango wa muuguzi huyu unafuata ratiba ya ngazi, naye amehesabiwa miaka minne, anamiliki asilimia 60 ya mchango wa mwajiri, yaani dola 6,000, na dola 4,000 zinazosalia hurudi kwenye mpango. Salio analoweza kuhamisha ni dola 40,000.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa tarehe ya kuacha kazi ni uamuzi ambao mfanyakazi mara nyingi ana uwezo nao, ilhali baada ya kuondoka hana uwezo tena. Mipango mingi huhesabu mwaka wa utumishi kwa saa, ambapo anayefanya kazi saa 1,000 ndani ya mwaka wa mpango huhesabiwa mwaka mzima, na kwa mtu wa saa 40 kwa wiki kiwango hicho hufikiwa katika wiki 25. Mipango mingine huhesabu kuanzia tarehe ya kuajiriwa mpaka tarehe hiyo hiyo ya mwaka unaofuata. Muuguzi aliye wiki tatu tu kabla ya kutimiza mwaka wa tano chini ya mpango wa aina ya pili anaacha dola 2,000 mezani, wakati ambapo mwajiri mpya huenda angekubali kumsubiri wiki hizo tatu kama angeombwa. Swali la kumuuliza msimamizi wa mpango kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi ni moja, nalo ni tarehe gani asilimia ya umiliki itapanda tena.

Tuseme muuguzi ameshaondoka na salio lake ni dola 40,000. Katika fomu ya maombi ameweka alama kwenye kisanduku kinachosema alipwe yeye, kwa sababu alikuwa hajaamua kampuni ya kufungua akaunti ya IRA, na alidhani kwamba siku 60 zingemtosha kutafuta. Hundi inayomfikia ni ya dola 32,000. Dola 8,000 zimeshakwenda IRS. Ili uhamisho wake uhesabiwe kuwa kamili, anapaswa kuweka dola 40,000 katika akaunti mpya, wala si 32,000, na hizo 8,000 zinazopungua lazima azitoe katika akiba yake nyingine ndani ya siku zile 60. Akifaulu, hatozwi kodi yoyote, na zile 8,000 zilizozuiwa huhesabiwa kwenye ritani yake ya kodi mwaka unaofuata, ambapo hurudishiwa kama hadaiwi kodi nyingine. Kwa maneno mengine, analazimika kuikopesha serikali dola 8,000 kwa miezi kadhaa ili asiadhibiwe kwa fedha zake mwenyewe.

Wafanyakazi wengi hawana dola 8,000 za kukaa zikisubiri. Muuguzi anayeweka dola 32,000 tu anachukuliwa kuwa amehamisha hizo, na zile 8,000 huhesabiwa kuwa ametoa akiba kabla ya umri. Kwa kuwa kipato chake kinaziweka dola hizo katika daraja la kodi la asilimia 22, anatozwa dola 1,760, na kodi ya nyongeza ya asilimia 10 inaongeza dola 800, jumla dola 2,560. Kiasi kinachobaki katika zile 8,000, yaani dola 5,440, atarudishiwa akiwasilisha ritani, lakini kitarudi kama fedha za matumizi, siku 60 zikiwa zimeshapita, na hakiwezi tena kuingizwa katika akiba kama sehemu ya uhamisho ule. Hasara halisi ni kubwa kuliko kodi aliyolipa, kwa sababu dola 8,000 zikikua kwa wastani wa asilimia 6 kwa mwaka hufikia takriban dola 38,600 katika miaka 27 inayomtenganisha na umri wa miaka 65. Ukuaji huo ni wa kukisia na soko halimhakikishii mtu yeyote, ila ukubwa wa pengo unaeleweka.

Akizitumia fedha zote, hesabu inakuwa kali zaidi. Dola 40,000 zikitozwa asilimia 22 ni dola 8,800, na nyongeza ya asilimia 10 ni dola 4,000, jumla dola 12,800. Zuio lilikuwa dola 8,000 peke yake, kwa hiyo mwezi wa Aprili unaofuata atadaiwa dola nyingine 4,800, wakati ambapo zile 32,000 huenda zimeshatumika. Watu wengi hudhani kwamba asilimia 20 iliyozuiwa ndiyo kodi yenyewe na kwamba deni limekwisha, ilhali zuio ni malipo ya awali yasiyozingatia daraja la mlipaji wala kodi ya nyongeza. Katika majimbo yanayotoza kodi ya mapato, kodi ya jimbo huja juu ya hiyo.

Siku 60 nazo zina ugumu wake. Ni siku za kalenda, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwamo, zinazoanza kuhesabiwa baada ya siku fedha zilipopokelewa. IRS inamruhusu mtu aliyechelewa kujithibitishia kwa barua kwamba alikuwa na sababu inayokubalika, na sababu hizo zimetajwa katika orodha maalumu, zikiwamo kosa la taasisi ya fedha, hundi iliyopotea bila kulipwa, ugonjwa mzito, kifo katika familia na nyumba kuharibika vibaya, mradi fedha ziwekwe mara tu kikwazo kinapoondoka, ambapo siku 30 huchukuliwa kuwa zinatosha. Kusahau hakumo katika orodha hiyo, wala kukosa fedha za kujazia pengo la zuio.

Mitego yote hiyo huepukwa kwa kufuata mpangilio mmoja wa kazi, nao ni kuanza na upande unaopokea kabla ya upande unaotoa. Mfanyakazi kwanza huwasiliana na kampuni inayosimamia mpango wa mwajiri mpya na kuuliza kama mpango huo unapokea salio kutoka nje, kwa kuwa sheria inauruhusu kupokea lakini haiulazimishi. Kama haulipokei, au kama ada zake ni kubwa, hufungua akaunti ya IRA na kusubiri mpaka iwe na namba. Kutoka upande huo wa kupokea huomba mambo matatu kwa maandishi, yaani jina kamili litakaloandikwa kwenye hundi, anwani ya kupeleka hundi au maelekezo ya kutuma fedha kwa njia ya benki, na namba ya akaunti itakayotajwa katika malipo. Baadhi ya mipango ya zamani hudai pia barua ya kukubali kupokea.

Hatua ya pili ni kuomba uhamisho wa moja kwa moja kutoka mpango wa zamani. Kabla ya malipo, msimamizi hutoa maelezo ya maandishi kuhusu kodi na chaguo zilizopo, na mfanyakazi ana haki ya kukaa nayo angalau siku 30 kabla ya kuamua, ingawa anaweza kuiachia haki hiyo na kuruhusu malipo yafanyike mapema. Ni nyaraka ndefu, lakini ndizo pekee zinazoeleza masharti ya mpango husika, na anayezisoma hugundua mambo ambayo mhudumu wa simu hakumweleza. Inafaa pia kuhakikisha kwamba makato ya mshahara wa mwisho na mchango wa mwisho wa mwajiri vimeshaingia, la sivyo salio kuu litahama na mabaki madogo yatajitokeza wiki chache baadaye, yakihitaji maombi mengine.

Kuna jambo linalowashtua wengi katika hatua hii. Mipango kadhaa hutuma hundi ya uhamisho wa moja kwa moja nyumbani kwa mfanyakazi badala ya kuituma kwenye kampuni inayopokea. Hilo peke yake haliharibu chochote. Maadamu hundi imeandikwa kwa jina la kampuni inayopokea pamoja na herufi FBO, uhamisho unahesabiwa kuwa wa moja kwa moja na hakuna zuio la asilimia 20. Mfanyakazi anatakiwa kuipeleka kama ilivyo, asijaribu kuiweka katika akaunti yake ya benki. Anayepokea bahasha na kukuta jina lake peke yake kama mlipwaji, na kiasi kilichopungua kwa moja ya tano, anapaswa kujua papo hapo kwamba maagizo yamekosewa, na awasiliane na msimamizi siku hiyo hiyo kabla hajaibadilisha hundi kuwa fedha.

Anwani na majina nayo yanahitaji uangalifu kwa wahamiaji hasa. Mtu mwenye majina matatu katika pasipoti, mawili katika kadi ya hifadhi ya jamii, na mpangilio tofauti katika orodha ya mishahara, anaweza kukataliwa uhamisho kwa sababu majina ya pande mbili hayalingani. Ni rahisi zaidi kurekebisha jina katika mpango wa zamani akiwa bado kazini, ambako ofisi ya rasilimali watu inamfahamu, kuliko miezi sita baada ya kuondoka.

Fedha zinapofika, kazi haijaisha. Katika mpango wa mwajiri mpya, salio huingia kwa kawaida katika uwekezaji ambao mfanyakazi ameshauchagua au ule uliowekwa na mpango kwa asiyechagua. Katika akaunti ya IRA mara nyingi mambo ni tofauti, kwa kuwa fedha hukaa katika sehemu ya fedha taslimu mpaka mwenyewe atoe agizo la kununua. Mtu anaweza kuhamisha salio kwa usahihi kabisa, akapumzika akiamini kwamba linakua pamoja na soko, na baada ya miaka kadhaa akakuta dola zile zile zikiwa zimepata riba ndogo tu. Hii ni hasara isiyo na barua ya kodi wala adhabu, na ndiyo maana haimgutui mtu. Dalili yake ni rahisi kuiona kwa anayeitafuta, kwani ukurasa wa mali zilizomo katika akaunti huonyesha neno la fedha taslimu badala ya jina la mfuko wa uwekezaji.

Mwezi wa Januari unaofuata, mpango wa zamani hutoa fomu 1099-R, ambayo nakala yake hupelekwa IRS. Katika uhamisho sahihi wa muuguzi wa Dallas, kisanduku cha 1 kitaonyesha 40,000, kisanduku cha 2a kitaonyesha sifuri, na kisanduku cha 7 kitakuwa na herufi G, ambayo ni alama ya uhamisho wa moja kwa moja. Kwenye ritani, fomu 1040, kiasi chote huandikwa katika mstari wa 5a na sifuri katika mstari wa 5b. Kosa la kawaida ni kuitupa fomu hiyo kwa kuwa hakuna kodi inayodaiwa, na matokeo yake ni barua kutoka IRS inayouliza kuhusu dola 40,000 ambazo hazikutajwa. Ikiwa kisanduku cha 7 kina namba 1 ilhali fedha zilihama moja kwa moja, fomu yenyewe ina kosa, na mpango wa zamani unapaswa kuombwa utoe iliyosahihishwa.

Mkopo ni mtego unaostahili aya yake. Mipango mingi humruhusu mfanyakazi kukopa sehemu ya salio lake na kulipa kwa makato ya mshahara. Anapoacha kazi makato husimama, na mpango hatimaye huufuta mkopo kwa kuupunguza kwenye salio, kitendo ambacho kisheria ni sawa na kumlipa. Kama muuguzi alikuwa amebakiza mkopo wa dola 5,000, kiasi hicho kitahesabiwa kuwa mapato yake, pamoja na kodi ya nyongeza, ingawa hakupokea hata senti siku ile. Tangu mwaka 2018 sheria imelegeza muda kwa mkopo uliofutwa kwa sababu ya kuacha kazi, na badala ya siku 60 anapewa mpaka siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka huo, pamoja na muda wa nyongeza, kuweka dola 5,000 kutoka mfukoni katika IRA au mpango mpya na kuepuka kodi. Nafasi hiyo haitumiwi na wengi, kwa sababu tu hawaijui.

Kati ya mpango wa mwajiri mpya na akaunti ya IRA, hakuna jibu moja linalomfaa kila mtu, lakini umri una uzito kuliko inavyodhaniwa. Anayeacha kazi katika mwaka anaotimiza miaka 55 au baadaye anaweza kutoa fedha katika mpango wa mwajiri huyo bila kodi ya nyongeza ya asilimia 10, ingawa hajafika miaka 59 na nusu. Akizihamishia katika IRA, haki hiyo hupotea, na haiwezi kurudishwa. Mtu wa miaka 56 anayefikiri kwamba huenda akahitaji sehemu ya fedha hizo karibuni ana sababu nzuri ya kuziacha zilipo. Kwa kijana wa miaka 30, uamuzi hutegemea zaidi ada za mwaka na ubora wa mifuko iliyomo, na kama mpango mpya una mifuko ya gharama nafuu, kuwa na akaunti moja badala ya nne kunamrahisishia uangalizi. Jambo moja halibadiliki katika chaguo zote mbili. Fedha za kabla ya kodi ziende kwenye akaunti ya kabla ya kodi, na zile za aina ya Roth, ambazo zimeshatozwa kodi kabla ya kuingia, ziende kwenye akaunti ya Roth. Kuhamishia fedha za kabla ya kodi katika akaunti ya Roth kunaruhusiwa, lakini kiasi chote huwa mapato ya mwaka huo, na bila kupanga deni hilo la kodi litamkuta mtu hana fedha za kulilipa.

Kuacha salio katika mpango wa zamani kunawezekana kwa masalio makubwa, ila kwa madogo uamuzi si wa mfanyakazi peke yake. Mpango unaweza kumtumia hundi mtu mwenye salio lisilozidi dola 1,000, na linalozidi hapo mpaka dola 7,000 unaweza kulihamishia, bila ridhaa yake, katika akaunti ya IRA ya kampuni ambayo hakuichagua, ambako kwa kawaida huwekwa katika uwekezaji wa faida ndogo huku ada zikilimega. Kwa wafanyakazi wa maghala na viwanda vya nyama, wanaobadilisha waajiri mara kwa mara, hizi ndizo akaunti zinazopotea. Wizara ya Kazi ya Marekani ilifungua mwishoni mwa mwaka 2024 hifadhidata ya kutafuta mafao ya kustaafu yaliyosahauliwa, na anayekumbuka kukatwa katika kazi ya zamani ana haki ya kutafuta humo kwa namba yake ya hifadhi ya jamii.

Swali la mwisho huulizwa na wale wanaokusudia kurudi nyumbani. Salio la 401(k) haliwezi kuhamishiwa NSSF wala katika mpango wa pensheni wa Kenya au Tanzania kwa utaratibu wa uhamisho usio na kodi, kwa kuwa mipango ya nje haimo katika orodha ya mipango inayostahili kupokea. Raia wa Marekani na mwenye ukaazi wa kudumu huendelea kutozwa kama mkaazi popote anapoishi. Aliyeacha kuwa mkaazi wa Marekani kwa mujibu wa sheria ya kodi hukatwa asilimia 30 anapotoa fedha, na kwa kuwa Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya wala Tanzania, hakuna mkataba wa kushusha kiwango hicho. Hesabu ya mwisho hufanyika katika fomu 1040-NR, ambayo inaweza kumrudishia sehemu ya zuio, lakini kodi ya nyongeza ya asilimia 10 bado inamhusu aliye chini ya miaka 59 na nusu. Kampuni kadhaa za uwekezaji pia huweka vizuizi kwa wateja wenye anwani za nje. Anayejiandaa kuondoka na akamilishe uhamisho wa salio lake akiwa bado na anwani, simu na namba ya benki ya Marekani, na aulize kampuni inayopokea, kwa maandishi, kama itaendelea kumhudumia akiwa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam.